Jinsi ya kuwaandikia wazazi barua ya mwaliko wa kutazama mwezi ukipatwa

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sayansi anayetaka kuwaita wazazi shuleni usiku ili watazame kupatwa kwa mwezi pamoja na watoto wao. Mfano nitakaoufuata ni barua niliyoiandika Mombasa kwa ajili ya mwezi uliopatwa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025. Tukio hilo lilifaa sana kwa shule za ukanda wetu, kwa kuwa lilianza muda mfupi baada ya jua kuzama na mwezi ukafunikwa wote kabla watoto hawajasinzia.

Mzazi anayepokea barua hiyo hahitaji somo zima la falaki. Anachotaka kujua ni afike saa ngapi, aondoke saa ngapi, kama kuna hatari yoyote, na itakuwaje wingu likitanda. Maswali hayo yakijibiwa vizuri, barua nzima hutosha katika ukurasa mmoja. Jibu la swali la saa ndilo gumu kuliko yote, na ndiyo sababu tunaanza nalo.

Hatua ya kwanza: pata saa sahihi, kisha uziandike kwa namna isiyoweza kusomwa vibaya

Majedwali ya kupatwa kwa mwezi, yakiwemo yanayotolewa na NASA, hutaja saa kwa kipimo cha kimataifa cha UTC. Kwa usiku ule, mwezi ulianza kuingia katika kivuli kikuu cha dunia saa 16:27, ukafunikwa wote saa 17:31, ukafika katikati ya tukio saa 18:12, ukaanza kutoka saa 18:53, na ukawa mzima tena saa 19:57. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa 3, ilhali hesabu yetu ya Kiswahili huanza saa 6 nyuma ya saa ya kizungu. Ukiunganisha hesabu hizo mbili, njia ya mkato ni kuondoa 3 katika saa ya UTC, na jibu likifika 13 au zaidi, kuondoa 12 tena, na likiwa chini ya 1, kuongeza 12. Kwa hiyo 16:27 hubaki 13:27, yaani saa 1:27 usiku. Kwa njia hiyo hiyo utapata saa 2:31, saa 3:12, saa 3:53 na saa 4:57.

Nakusihi ufanye hesabu hii mwenyewe kwa kalamu, usinakili kutoka kwenye simu. Katika rasimu yangu ya kwanza nilitazama simu, nikaona 7:27 p.m., nami kwa haraka nikaandika «saa 7:27 usiku». Mwenzangu wa chumba cha walimu aliisoma akaniuliza kwa upole kama kweli ninataka wazazi waje na watoto usiku wa manane. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu kwa msomaji wa Kiswahili saa 7:27 usiku ni saa moja na nusu hivi baada ya usiku kugawanyika. Mzazi ambaye hana mwenzake wa kumuuliza angeitupa barua ile, au angeamini na kumkataza mtoto.

Tangu hapo huandika kila saa kwa njia mbili pamoja na alama ya mbinguni ambayo haina lugha, kwa mfano: «saa 1:27 usiku (19:27), yaani takriban saa moja baada ya jua kuzama». Mzazi aliyezoea hesabu moja tu hukosolewa na ile nyingine, na aliyechanganyikiwa kabisa huongozwa na jua.

Siku nayo ina mtego wake hapa pwani. Wazee wengi wakisema «usiku wa Jumapili» humaanisha usiku unaotangulia Jumapili, ambao katika kalenda ya ofisi ni Jumamosi. Usiandike neno hilo. Andika «Jumapili, tarehe 7 Septemba, jua likishazama», na tukio likiangukia baada ya saa 6 usiku andika «usiku wa kuamkia» siku fulani, pamoja na tarehe zote mbili.

Hatua ya pili: chagua sehemu ya tukio utakayowaitia

Si lazima wazazi waone tukio zima, na wala haifai. Usiku ule mwezi uligusa kivuli hafifu cha dunia saa 12:28 jioni, lakini kivuli hicho ni chepesi mno. Kwa sehemu kubwa ya saa nzima inayofuata mtazamaji wa kawaida haoni badiliko lolote, isipokuwa labda dakika chache za mwisho ambapo upande mmoja wa mwezi huonekana kama umepakwa moshi. Ukiwaita wazazi kwa saa hiyo ya kwanza ya jedwali, utakuwa umewasimamisha uwanjani kutazama mwezi mzima wa kawaida, na watoto watakuwa wamekwisha kuanza kukimbizana mwezi utakapong'atwa.

Sehemu ya kuvutia ni ile inayoanzia kwenye doa la kwanza jeusi ukingoni hadi mwezi unapokuwa mwekundu wote. Usiku ule sehemu hiyo ilichukua dakika 64. Muda huo si wa bahati tu, kwa kuwa mwezi katika mwendo wake huhitaji takriban saa moja kusogea umbali sawa na upana wake wenyewe, na huo ndio umbali unaouvuka ukiwa unazama ndani ya ukingo wa kivuli. Kisha mwezi ulibaki mwekundu kwa dakika 82, ambazo ni nyingi, kwani kivuli kikuu pale mwezi unapopita kina upana wa zaidi ya mara mbili na nusu ya mwezi wenyewe na mwezi ulipita karibu na katikati yake.

Nilifungua lango saa 1:00 usiku na kufunga saa 3:15, mara baada ya katikati ya tukio. Jumatatu ilikuwa siku ya masomo, na sikuona sababu ya kuwaweka watoto hadi karibu saa 5 ili waone kwa kinyume kile walichokwisha kukiona. Aliyetaka mwisho wake aliuona kutoka nyumbani, nami nililiandika hilo katika barua ili asijione amenyimwa.

Hatua ya tatu: pima uwanja kabla ya kuutaja

Mwezi unaopatwa mapema jioni huwa bado uko chini upande wa mashariki, na jengo la ghorofa moja au mstari wa miembe unaweza kuuficha. Nyosha mkono mbele yako na ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni takriban digrii 10 za anga. Mombasa usiku ule mwezi ulikuwa juu ya upeo kiasi cha ngumi moja na nusu ulipoanza kung'atwa, ngumi tatu ulipofunikwa wote, na ngumi nne hivi wakati wa kufunga lango. Nilisimama mahali pale wazazi watakapokaa, nikaelekea mashariki, nikapima miembe ya nyuma ya jiko la shule nikaikuta ina ngumi mbili. Dakika ishirini hivi za kwanza zingepotea nyuma ya majani. Tukahamia upande wa lango la magharibi wa uwanja, hatua sitini hivi nyuma zaidi, na miembe ile ile ikashuka hadi ngumi moja.

Kazi hii ifanyike kabla ya kuandika, kwa sababu barua ndiyo itakayotaja lango la kuingilia. Umwombe pia msimamizi wa shule azime taa za usalama zinazoelekea uwanjani na abakize za njia ya kwenda vyooni.

Hatua ya nne: eleza kinachotokea kwa sentensi chache tu

Aya moja inatosha. Sema kwamba dunia hupita kati ya jua na mwezi, kivuli chake kikaufunika mwezi, na kwamba wekundu unatokana na mwanga wa jua uliopenya katika hewa inayoizunguka dunia na kupindishwa hadi ndani ya kivuli. Hewa hutawanya rangi ya buluu na kuacha nyekundu ipite, kama inavyofanya jua linapochwa. Swali ambalo mzazi makini atauliza ni kwa nini jambo hili halitokei kila mwezi mpevu. Jibu ni kwamba njia ya mwezi imeinama kiasi cha digrii 5 ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua, hivyo mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Sikuliweka jibu hili katika barua. Nililiacha liwe la watoto kueleza wakiwa uwanjani, kwa pete ya waya na mpira, na ningekushauri nawe uwaachie.

Hatua ya tano: ondoa hofu mbili kwa maneno ya wazi

Hofu ya kwanza ni ya macho. Wazazi wengi wamesikia maonyo ya kupatwa kwa jua, na wengine wanakumbuka tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa na kivuli chake kikapita Turkana. Maonyo hayo ni ya kweli kwa jua. Kwa mwezi hayana mahali, kwa sababu mwezi unaopatwa hutoa mwanga mdogo kuliko mwezi wa kawaida ambao sote huutazama bila woga. Hakuna miwani inayohitajika, na hata darubini ya macho mawili inaweza kutumika bila kichujio. Liandike hili waziwazi, la sivyo utapigiwa simu na kila mzazi wa pili, na wengine watamleta mtoto aliyefungwa kitambaa usoni.

Ya pili si hofu hasa, bali ni haki ya kidini ambayo ratiba isipoijali itawakera watu. Kwa Waislamu kupatwa kwa mwezi ni wakati wa swala maalumu, swala ya khusuf, na usiku ule wakati wa Isha nao uliingia karibu na saa 1:30, mwezi ukiwa umeanza tu kung'atwa. Nilikwenda kwa mwalimu wa dini kabla ya kuandika chochote, tukakubaliana kwamba ukumbi wa shule uwe wazi kuanzia saa 1:30, na kwamba maelezo yangu ya uwanjani yasianze kabla ya saa 2:00. Kwa kuwa kung'atwa kwa mwezi kulichukua zaidi ya saa nzima, aliyekwenda kuswali Isha na kurudi aliukuta mwezi ukiwa bado una sehemu nyeupe kubwa ya kutazama.

Hatua ya sita: sema mapema uamuzi wa wingu

Kupatwa kwa mwezi hakuahirishwi, na mzazi asidhani kwamba kutakuwa na siku ya pili. Andika saa ya uamuzi na atakayeutangaza. Mimi niliweka saa 11:00 jioni. Mvua ikinyesha saa hiyo, shughuli imefutwa. Mawingu ya kupitapita hayafuti kitu. Katika kupatwa kwa jua, wingu la dakika tano laweza kuharibu kila kitu, lakini mwezi unaokaa mwekundu kwa dakika 82 huwapa wingu nafasi ya kuja na kuondoka. Mwalimu anayefuta kwa sababu ameona wingu moja saa 10 alasiri atajuta usiku akiwa kibarazani kwake.

Barua yenyewe

Kwa kuwa shule zilifunguliwa tarehe 25 Agosti na tukio lilikuwa chini ya wiki mbili baadaye, niliiandika wakati wa likizo na kuipeleka kwa mwalimu mkuu siku ya kwanza ya muhula. Ilikuwa hivi:

> Shule ya ................................
> S.L.P. ................, Mombasa
> 26 Agosti 2025
>
> Kwa Mzazi au Mlezi wa mwanafunzi wa Gredi ya 8,
>
> MINTARAFU: MWALIKO WA KUTAZAMA MWEZI UKIPATWA, JUMAPILI 7 SEPTEMBA 2025
>
> Ninakualika kwa heshima uje shuleni pamoja na mwanao siku ya Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, jua likishazama, ili tutazame mwezi ukipatwa. Lango la magharibi litafunguliwa saa 1:00 usiku (19:00) na tutaagana saa 3:15 usiku (21:15).
>
> Mwezi utaanza kung'atwa na kivuli cha dunia saa 1:27 usiku (19:27), takriban saa moja baada ya jua kuzama. Utafunikwa wote na kuwa mwekundu saa 2:31 (20:31). Atakayependa kuendelea kutazama akiwa nyumbani ajue kwamba wekundu utaanza kuondoka saa 3:53 (21:53), na mwezi utakuwa mzima tena saa 4:57 usiku (22:57).
>
> Jambo hili hutokea dunia inapopita kati ya jua na mwezi na kuufunika mwezi kwa kivuli chake. Kuutazama hakudhuru macho hata kidogo, na hakuna miwani inayohitajika. Tahadhari uliyowahi kuisikia inahusu jua, si mwezi.
>
> Ukumbi wa shule utakuwa wazi kuanzia saa 1:30 usiku kwa watakaopenda kuswali. Maelezo ya wanafunzi yataanza saa 2:00.
>
> Kila mwanafunzi aje na mtu mzima wa nyumbani kwao na aondoke naye. Shule haitakuwa na gari usiku huo, na hakuna mwanafunzi atakayeruhusiwa kuondoka peke yake. Tafadhali njoo na mkeka au leso ya kukalia, na sweta kwa wadogo. Tochi ya simu isiwashwe uwanjani. Hakuna malipo yoyote.
>
> Mvua ikinyesha, mwalimu wa darasa atawatumia ujumbe saa 11:00 jioni siku hiyo kwamba shughuli imefutwa. Usipopata ujumbe, tafadhali njoo, hata kama kuna mawingu.
>
> Naomba urudishe kipande kilicho hapa chini kufikia Jumatano, tarehe 3 Septemba.
>
> Wako mwaminifu,
> ................................
> Mwalimu wa Sayansi
>
> Imeidhinishwa na: ................................ Mwalimu Mkuu
>
> – – – – – – – – – – – – – – – – – – – –
> Jina la mwanafunzi: ............................
> Nitakuja naye / Hatutaweza kuja (futa lisilohusika)
> Idadi ya watu kutoka nyumbani: ............
> Jina la mtu mzima atakayeondoka naye: ............................
> Saini: ............................

Maneno machache kuhusu yaliyomo. Sentensi isemayo «Usipopata ujumbe, tafadhali njoo» ilikuwa nyongeza ya mwisho, nami naiona kuwa ndiyo iliyoleta watu wengi zaidi, kwa maana bila hiyo kila familia ingetoka nje, ingetazama juu na kujiamulia. Mstari wa jina la mtu mzima atakayeondoka na mtoto haukuwa wangu, bali mwalimu mkuu aliudai, na langoni ulituokoa na mabishano pale kaka wa umri wa miaka kumi na mitano alipotaka kuondoka na wadogo zake wawili. Tochi imetajwa kwa sababu jicho huchukua kama dakika ishirini kuzoea giza vizuri, na taa moja ya simu hurudisha kazi hiyo mwanzo kwa wote walio karibu.

Hatua ya saba: itume, kisha ikumbushe

Karatasi iliyokunjwa ndani ya begi la mtoto ina safari ndefu. Siku mbili kabla, mwalimu wa darasa aliwatumia wazazi ujumbe wa mistari mitatu wenye siku, saa ya lango na onyo la tochi, basi. Usiipige picha barua nzima na kuituma upya. Watu husoma nusu yake kwenye kioo cha simu na kukosa saa.

Vipande vilivyorudi vikusaidie kupanga kazi ya uwanjani. Kila familia tuliipa kikaratasi cha kukadiria rangi ya mwezi uliofunikwa kwa kipimo cha Danjon, ambacho huanzia 0, mwezi mweusi usioonekana vizuri, hadi 4, mwezi wa rangi ya shaba au chungwa inayong'aa. Mzazi na mtoto huandika makadirio yao bila kuonyeshana, kisha hulinganisha. Mwezi ukishafifia pia nyota huongezeka, na usiku ule Zohali ilikuwa chini ya mwezi upande huo huo wa mashariki, kwa hiyo waliochoka kutazama mwezi walikuwa na jambo la kutafuta.

Ukitaka kuitumia tena

Muundo wa barua hautabadilika, ila saa na mwelekeo hubadilika kila mara. Alhamisi, tarehe 6 Julai 2028, mwezi utapatwa sehemu tu, kiasi cha thuluthi moja na zaidi kidogo ya upana wake, kuanzia baada kidogo ya saa 2:00 usiku hadi karibu saa 4:30. Katika barua hiyo ufute kabisa habari ya wekundu, usije ukawaahidi wazazi rangi ambayo hawataiona.

Jumapili, tarehe 31 Desemba 2028, mwezi utafunikwa wote kuanzia saa 1:16 hadi saa 2:28 usiku, lakini utaanza kung'atwa saa 12:07 jioni, kabla haujachomoza kwetu. Wazazi wa Mombasa watauona ukitoka baharini ukiwa tayari umekatwa. Kwa usiku huo uwanja wenye miembe hautafaa, wala lango la saa 1:00. Itabidi mkutane ufukweni jua likiwa bado halijazama, na barua iende nyumbani kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya Desemba.